Barua ya madai imwachie mdaiwa mlango wa kulipia

Hapa Arua, Uganda, mfanyabiashara akichoka kusubiri deni lake, barua anayoandika mara nyingi huwa na mistari mitatu: nakudai kiasi fulani, lipa upesi, la sivyo tutaonana mbele. Kisha anaihesabia siku 14 na kwenda mahakamani akiamini ametimiza sharti. Mimi naona hapo ndipo kesi nyingi za madai madogo zinapoanza kuyumba, kabla hazijafika hata kwa karani.

Kanuni za madai madogo za Uganda za mwaka 2011 zilitungwa kwa ajili ya watu kama sisi. Deni la bidhaa, mkopo au kodi ya nyumba lisilozidi shilingi milioni 10 linasikilizwa na hakimu kwa njia fupi, na kila upande unajieleza wenyewe bila wakili. Lakini kabla ya kufungua dai, lazima umpelekee mdaiwa notisi ya maandishi na kumpa siku 14 alipe. Siku hizo zimewekwa ili jambo liishe nje ya mahakama likiwezekana. Kwa hiyo barua yako ina kazi ya kumwezesha mtu kulipa, au kukujibu kwa nini halipi. Kama hawezi kufanya lolote kati ya hayo kwa kuisoma tu, siku 14 ulizompa zimepita bure.

Tuchukue mfano wa mama mmoja anayeuza maharage kwa jumla. Tarehe 12 Machi 2025 alimpelekea mwenye duka magunia 20, kila gunia shilingi 350,000. Jumla milioni 7. Siku hiyohiyo mwenye duka akatuma milioni 2.5 kwa simu. Baada ya siku chache akarudisha magunia mawili yaliyokuwa na unyevu, na mama akayapokea. Kisha kimya.

Barua ya hasira itadai milioni 4.5, kwa sababu mama anahesabu mzigo wote na kutoa alicholipwa, akisahau yale magunia mawili. Pengine ataongeza shilingi laki tatu za usumbufu na laki mbili za aliyemwandikia barua. Mwenye duka akiisoma anapata sababu nzuri ya kutolipa kitu: kiasi si sahihi, naye anaweza kuthibitisha. Hakimu naye ataona kwamba mdaiwa hakuwahi kuombwa deni lake halisi. Hesabu inayostahili kuandikwa ni hii: milioni 7, toa milioni 2.5 zilizolipwa, toa 700,000 za magunia yaliyorudishwa, inabaki 3,800,000. Andika hatua zote, pamoja na zile zinazokupunguzia. Mimi sijui kitu kinachoonyesha nia njema kuliko mdai anayetaja mwenyewe kile ambacho mwenzake angekuja kujitetea nacho. Riba iingie ikiwa tu mlikubaliana tangu mwanzo.

Baada ya hesabu, barua iendelee kwa maneno ya kawaida namna hii:

"Naomba ulipe shilingi 3,800,000 kabla ya mwisho wa siku ya tarehe 19 Mei 2025. Unaweza kutuma kwa namba yangu ya simu iliyo hapo juu, iliyosajiliwa kwa jina langu, au kuniletea dukani nami nitakupa risiti. Kama unaona kiasi hiki si sahihi, niandikie ni sehemu gani unayoipinga na kwa nini. Kama huwezi kulipa zote kwa pamoja, niambie ndani ya muda huo unaweza kulipa kiasi gani na tarehe zipi. Nisipopata malipo wala jibu, nitafungua dai dogo katika mahakama ya hakimu. Nimeambatanisha nakala ya hati ya kupokelea mzigo na ujumbe wa malipo ya milioni 2.5."

Tarehe 19 Mei imetoka wapi? Barua inakabidhiwa tarehe 5 Mei, na siku ya kwanza ni tarehe 6. Hesabu inaanza siku inayofuata ile ambayo mdaiwa aliipokea. Tarehe uliyoiandika ukiwa nyumbani haihesabiwi. Mama akikaa na barua kwenye mkoba hadi tarehe 9, tarehe ya mwisho ibadilishwe iwe 23. Ndiyo maana napendelea tarehe kamili badala ya maneno "ndani ya siku 14", ambayo kila mtu huyahesabu anavyotaka.

Ile njia ya kulipia ndiyo watu wengi huisahau. Nimeona barua zenye vitisho vitano na hakuna namba hata moja ya kutumiwa pesa. Mbaya zaidi ni kitisho cha polisi. Deni la maharage ni kesi ya madai, si jinai, na barua inayomtisha mtu kwa kukamatwa inaonekana ni ya kumkomoa. Taja mahakama peke yake, tena kwa sentensi moja.

Suala la lugha nalo lina uzito. Mahakama zetu zinaendeshwa kwa Kiingereza, na wengi hukimbilia kuandika kwa Kiingereza ili barua ionekane rasmi. Kama wewe na mdaiwa mlifanya biashara kwa Kiswahili, mwandikie Kiswahili na uambatanishe tafsiri ya Kiingereza kwa ajili ya hakimu. Mtu hawezi kusemwa kuwa amepewa nafasi na karatasi asiyoweza kuisoma.

Jihadhari pia na yale maneno ambayo watu hunakili kutoka barua za mawakili na kuyaweka juu kabisa, kwamba barua ni "bila kuathiri haki". Maneno hayo ni ya mazungumzo ya siri ya kutafuta suluhu, na Sheria ya Ushahidi inalinda mazungumzo ya namna hiyo yasitumiwe kama ushahidi. Barua ya madai unataka hakimu aisome. Usiipachike maneno yatakayompa mwenzako hoja ya kuizuia.

Barua ikishakamilika, chapisha nakala mbili. Mdaiwa abaki na moja, na kwenye ya pili aandike jina, tarehe na kutia sahihi. Akikataa, nenda na shahidi, na hapa kwetu mwenyekiti wa baraza la kijiji, LC1, ndiye anayefaa zaidi: ataandika kwamba aliona barua ikikabidhiwa siku fulani, kisha agonge muhuri. Kumtumia picha ya barua kwa WhatsApp ni nyongeza nzuri, hasa akijibu, lakini usiitegemee peke yake.

Tuseme sasa tarehe 15 Mei mwenye duka anatuma milioni moja na kimya kinarudi. Mama ampe risiti yenye maneno "malipo ya sehemu, baki shilingi 2,800,000", na tarehe 20 afungue dai la kiasi hicho. Kama badala yake wamekubaliana alipe kwa awamu, makubaliano yaandikwe yakiwa na tarehe za kila awamu na sahihi za wote wawili. Awamu ya kwanza ikikosekana, mimi ningemwandikia upya kwa siku nyingine 14 kuliko kwenda mahakamani na barua ya zamani, kwa sababu deni analodaiwa sasa limeshikwa na ahadi mpya, na kuhusu ahadi hiyo bado hajapewa notisi yoyote.