Mara 12 za bega, vikao 5 vya nasaha: kifurushi kinalipa lini?

"Shikamoo dokta. Mama yuko Kongwa, ana miaka 54 na ana kisukari. Bega lake la kulia limeganda, huu mwezi wa nne. Kliniki moja hapa Dodoma mjini inataka 30,000 kila akija, au 300,000 kwa mara 12, zilipwe mwanzoni na zitumike ndani ya siku 45. Nauli ya mama na dada anayemsindikiza, kwenda na kurudi, ni 20,000. Mdogo wangu naye yuko UDOM. Tangu baba afariki hali wala halali, na vipindi ameacha. Mshauri nasaha anatoza 50,000 kwa kikao, au 200,000 kwa vikao 5. Anayelipa vyote ni mimi. Nichukue vifurushi?"

Marahaba, na poleni sana kwa msiba. Kazi yangu ni fiziotherapia, na kuna kipindi niliajiriwa mahali ambapo kuuza vifurushi kulikuwa sehemu ya kazi, kwa hiyo hesabu hii nimewahi kuipiga nikiwa upande wa muuzaji. Jibu langu kwa mama ni hapana, na kwa mdogo wako ni ndiyo, ila si siku ya kwanza. Sababu hazifanani.

Watu wengi hugawa 300,000 kwa 12, wanapata 25,000, wanaona wameokoa 5,000 kila mara. Igawe kwa bei ya siku moja: 300,000 kwa 30,000 ni 10. Maana yake, mpaka mara ya kumi hujaokoa hata shilingi. Faida yote iko kwenye mara ya 11 na ya 12. Mama akiishia mara ya saba, kila mara imekugharimu karibu 43,000. Kwa hiyo kabla ya bei, jambo la kujua ni kama bega la mama litahitaji kweli mara 12, tena ndani ya siku 45.

Hapo ndipo ugonjwa wenyewe unapoingia. Bega lililoganda huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, na kisukari kinaongeza uwezekano wa kulipata na kulifanya liwe sugu zaidi. Hulitambui kwa maumivu peke yake. Mwambie mama abane kiwiko ubavuni, akikunje, kisha dada auzungushe taratibu mkono wa mbele kuelekea nje, kama mlango unaofunguka. Kama mkono unagoma hata ukisukumwa na mtu mwingine, na eksirei haionyeshi tatizo la mfupa, basi ni kweli limeganda. Kama dada anaweza kuuzungusha na kuunyanyua vizuri ila mama mwenyewe hawezi, huenda ni tatizo la misuli na kano, na matibabu yake yana ratiba nyingine.

Bega la aina hii hupita awamu tatu: kwanza linauma sana, hasa usiku, kisha maumivu yanapungua lakini linabaki gumu, mwishoni linaachia polepole. Safari nzima huchukua kati ya mwaka mmoja na mitatu. Hakuna mtaalamu anayeweza kuikunja safari hiyo iingie kwenye siku 45. Mama yuko mwezi wa nne, na kama bado anaamka usiku kwa maumivu, yuko awamu ya kwanza, ambayo kuvutwavutwa mara mbili kwa wiki kunaweza kumzidishia. Kipimo ninachokitumia ni hiki: maumivu ya zoezi yakiendelea mpaka kesho yake, zoezi lilizidi. Kinachoweza kumsaidia zaidi katika awamu hii ni sindano ya dawa ya kutuliza uvimbe ndani ya kiungo, jambo la kuzungumza na daktari, na daktari ajue kuhusu kisukari kwa sababu sindano hiyo hupandisha sukari kwa siku kadhaa.

Kazi kubwa ya bega hili hufanyika nyumbani. Kuinama na kuuning'iniza mkono ukibembea. Kutambaza vidole ukutani na kuweka alama ya chaki pale vilipofika. Kushika mti wa ufagio kwa mikono miwili na kuutumia mkono mzima kuusukuma ule mbovu kuelekea nje. Baadaye, maumivu yakishapungua, kuvuta kanga nyuma ya mgongo, mkono mmoja juu na mwingine chini. Dakika chache, mara mbili tatu kwa siku. Mtaalamu anahitajika kufundisha, kupima, na kubadilisha mazoezi bega linapobadilika. Kwa mama ningepanga mara ya kwanza, kisha baada ya wiki mbili, kisha kila baada ya wiki tatu au nne: mara 6 hivi kwa miezi mitatu hadi minne.

Sasa ongeza nauli, kwa sababu kifurushi hakiipunguzi. Mara 12 ni 300,000 za kliniki na 240,000 za basi, jumla 540,000. Mara 6 kwa kulipa kila akienda ni 180,000 na 120,000, jumla 300,000. Hata zikifika 8, ni 400,000. Kwa mtu anayetoka Kongwa, punguzo la 60,000 ni dogo mno mbele ya nauli. Kinachookoa pesa ni safari chache zenye mpango mzuri.

Lakini siwezi kusema kifurushi ni ulaghai, maana nimeona kikisaidia. Aliyetolewa hogo kwenye kiwiko kikabaki kigumu, aliyefanyiwa upasuaji wa goti, aliyepata kiharusi hivi karibuni: hawa wanahitaji kwenda mara nyingi mwanzoni, na kwa kiharusi miezi mitatu ya kwanza ndiyo yenye mavuno makubwa kuliko yote. Mgonjwa wa namna hiyo akikaa hapahapa mjini, Area C au Kisasa, mara 12 atazimaliza, pengine azidi. Na kulipa kila ukija kuna hatari yake: mtu anaacha siku maumivu yanapopungua, ilhali kiungo hakijarudi. Nimewaona waliorudi baada ya miezi miwili na goti lililokataa kunyooka. Kliniki nayo ina pango la kulipa. Mvua zikianza Desemba, wagonjwa kutoka vijijini wanaenda shamba na saa walizowekewa zinabaki tupu. Aliyelipa mbele hujitahidi kuja. Hoja hiyo ni halali, mradi mgonjwa asibebeshwe gharama yote ya hofu ya kliniki.

Kinachoharibu vifurushi vingi ni yanayofanyika baada ya risiti. Mahali nilipokuwa, mgonjwa wa kulipa kila akija alipimwa kila mara, kwa kuwa angeweza kuondoka. Wa kifurushi aliwekwa kwenye joto na mashine ya umeme dakika 20, akaambiwa tuonane Alhamisi. Iliniuma, na ndiyo sababu moja niliyoondoka. Utaijua hali hiyo kirahisi: ikifika mara ya nne na hakuna aliyeandika mkono unapanda kiasi gani ukilinganisha na siku ya kwanza, mnalipia kulala kitandani. Joto linatuliza kwa saa chache. Haliachii bega lililoganda.

Kwa mdogo wako mambo yanageuka. Vikao vitano si namba ya kubuni tu: Shirika la Afya Duniani lina mpango mfupi wa ushauri wa vikao 5, kimoja kwa wiki, kwa watu wenye msongo na huzuni. Kwa sonona yenyewe, tiba ya mazungumzo mara nyingi huwa kati ya vikao 6 na 20. Kwa hiyo akianza vizuri, uwezekano wa kuvitumia vyote vitano ni mkubwa, na kifurushi chake kinajilipa kuanzia kikao cha nne (200,000 kwa 50,000). Tena wiki ya pili au ya tatu, mazungumzo yanapogusa penye kidonda, ndipo wengi hukacha. Kuwa na kikao kilichokwisha kulipiwa kunaweza kumvusha hapo.

Shida ni kwamba bega halichagui mikono ya kulishika, lakini mtu huchagua nani amwambie habari za baba yake. Hilo hulijui kabla ya kikao cha kwanza. Na anayelipa ni wewe. Akijua umetoa 200,000, anaweza kuendelea kukaa mbele ya mtu asiyemwamini ili tu pesa yako isipotee, akajibu "niko sawa" mara tano. Kwa hiyo lipa kikao cha kwanza kivyake, 50,000. Umwulize jambo moja tu: utarudi kwa huyu? Akisema ndiyo, chukua kifurushi. Mtakuwa mmelipa 250,000 kwa vikao 6 badala ya 300,000. Mkiona vitano vilitosha, ile 50,000 ya ziada ndiyo bei ya uhuru wake wa kukataa, na mimi ningeilipa bila kusita. Usidai taarifa ya waliyozungumza. Mshauri anayekupa bila ridhaa ya mdogo wako hafai.

Naye apimwe, kama bega linavyopimwa. Kuna dodoso la maswali tisa la sonona, PHQ-9, lililotafsiriwa kwa Kiswahili, alama 0 hadi 27. Tuseme anaanza na 16. Baada ya vikao vinne akiwa 11 au chini, njia ni sahihi. Akiwa bado 15, kununua vitano vingine vilevile hakutoshi. Aonwe na daktari wa afya ya akili. Najua jina la Mirembe linavyotamkwa mitaani, lakini ni hospitali, na wengi wanaoingia kliniki yake wanarudi nyumbani mchana uleule. Na akisema hataki kuishi, au akianza kusikia sauti, habari ya vifurushi iwekeni kando: mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Kabla ya yote hayo, aulize ofisi ya mlezi wa wanafunzi chuoni kuhusu ushauri nasaha wa hapohapo; pengine pesa hiyo haihitajiki kabisa.

Turudi kwa mama. Kabla hajapanda basi, piga simu kliniki uulize mambo mawili. La kwanza: akiacha njiani, mtakata mara alizokuja kwa bei ya siku moja na kurudisha inayobaki? Akija mara 5, wabaki na 150,000, warudishe 150,000. Iandikwe kwenye risiti. La pili: mnaweza kutuuzia mara 6, zitumike ndani ya miezi mitano? Wakikubali hata kwa 165,000, chukua hicho, ingawa kile cha mara 12 nimekikataa.