Jedwali la ngeli liwekeni pembeni kwanza

Mimi naona mgeni anayeanza Kiswahili asipewe lile jedwali kubwa la ngeli mapema. Atalikariri lote, kivumishi kisanduku chake, kimilikishi chake, kitenzi chake, halafu akifungua mdomo anasema "ukuta urefu" na mwalimu anabaki kushangaa wakati jedwali mtu analo kichwani.

Shida inaanzia kwenye ule mfano unaopendwa, "kiti changu kizuri kimevunjika". Ki, ch, ki, ki, raha tupu, mwanafunzi anaamini sauti moja inajirudia tu mpaka mwisho wa sentensi. Sasa mpe ukuta: "ukuta wangu mrefu umeanguka", na wingi "kuta zangu ndefu zimeanguka". Hapo ndo unaona upatanisho uko wa aina mbili. Wangu inaenda na u- ya umeanguka, zangu inaenda na zi- ya zimeanguka, ila mrefu na ndefu zina mambo yao, mrefu ni ileile ya mti mrefu na ndefu ni ileile ya nyumba ndefu.

Kwa hiyo mimi ningefundisha nomino ikiwa na kitenzi chake toka siku ya kwanza, ukuta umeanguka, yai limevunjika, nyumba imeungua, maana ukishajua kiambishi cha kitenzi, kimilikishi unakitengeneza mwenyewe: u+angu wangu, i+angu yangu, li+angu langu, ki+angu changu, zi+angu zangu. Watu na wanyama tu ndo wanavuruga, mtoto ameanguka lakini ni mtoto wangu, hiyo akariri, hamna namna. Vivumishi vije baadaye, tena uanze na safi na ghali ambavyo havibadiliki kabisa, apumue kidogo.

Ukianzia kwenye kimilikishi mambo yanageuka, kwa sababu yangu inatoka sehemu mbili, i+angu na ya+angu. Nyumba yangu, miti yangu, mayai yangu, zote yangu. Ndo maana unasikia "nyumba yangu yameungua", mtu kachukua ya- ya mayai akaipeleka kwenye nyumba, na ukimsahihisha kwa kumwambia "hiyo ni ngeli ya I-ZI" haimsaidii kitu, mwambie arudi kwenye kitenzi, nyumba ime, mayai yame, basi.

Viumbe hai navyo visiachwe mpaka mwisho wa kozi. Kijana ana ki- mwanzoni lakini ni "kijana wangu mrefu amefika", hakuna changu wala kirefu hapo. Halafu kuna rafiki, huyo ana vituko, "rafiki yangu mzuri amefika", kivumishi na kitenzi vimemfuata mtu ila kimilikishi kimebaki kwenye i+angu, sawa na baba yangu na dada yangu. Jedwali haliwezi kukuonyesha hiyo, sentensi nzima inaweza.