Hofu ya hesabu haiondoki kwa kuambiwa "usiogope"

Kuna adhabu ambayo walimu wengi huiona ni ya upole. Darasa likipiga kelele, wanafunzi wanapewa maswali 20 ya hesabu ya ziada. Hakuna aliyechapwa, na isitoshe wamefanya mazoezi. Mimi naiona ni adhabu mbaya kuliko inavyoonekana, kwa sababu kila inapotolewa mtoto anajifunza, bila kuambiwa na mtu, kwamba hesabu ni kitu wanachofanyiwa watu waliokosa.

Kujifunza kwa namna hii kulichunguzwa kwanza kwa mbwa. Ivan Pavlov, Mrusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wa usagaji wa chakula, aliona mbwa wake wanatokwa na mate kabla chakula hakijawafika mdomoni. Akatanguliza sauti, kisha akaleta chakula, na baada ya kurudia mara kadhaa sauti peke yake ikatosha kuwatoa mate. Hadithi hii wengi tunaijua, na wengi tunaishia hapo.

Sasa mweke mtoto wa miaka 11 mahali pa mbwa. Anaitwa ubaoni kujumlisha sehemu, kama nusu na robo, anakosea, mwalimu anatupa neno la kejeli na darasa zima linacheka. Hakuna anayehitaji kufundishwa kuumia akichekwa. Uso unamwaka, moyo unakwenda mbio, tumbo linakaza. Sehemu zenyewe hazikuwa na ubaya wowote, lakini zimekutana na aibu hiyo, na zikikutana nayo mara mbili tatu, siku nyingine moyo utaanza kwenda mbio daftari likifunguliwa tu, hata chumbani akiwa peke yake. Tena hofu haibaki ilipozaliwa. Kutoka kwenye sehemu inahamia aljebra, ikatoka hapo ikaingia fizikia, mpaka kwa mwalimu mpya ambaye hajamkosea mtoto huyu lolote. Akifika chumba cha mtihani, ukimya, saa ya ukutani na karatasi iliyofunikwa mezani vyote vinamtisha kabla hajasoma swali la kwanza.

Mtu atauliza: mbona miaka inapita, hakuna anayemcheka tena, na hofu ipo palepale? Jibu liko kwenye anachofanya akiogopa. Anaomba ruhusa ya kwenda msalani. Anasahau daftari nyumbani. Siku ya jaribio anaamka na kichwa kinachomuuma kwelikweli. Kila anapokwepa, moyo unatulia papo hapo, na utulivu huo ni ujira mtamu: kesho atakwepa tena. Ubaya wake ni kwamba hakai mbele ya sehemu muda wa kutosha kuona kwamba leo hakuna kilichotokea. Hofu aliyoipata akiwa na miaka 11 inahifadhiwa bila kupimwa upya.

Kwa mbwa, Pavlov alipima upya. Aliendelea kupiga sauti bila kuleta chakula, na matone ya mate yakapungua mpaka yakakauka. Lakini mbwa alipopumzishwa kisha akasikilizishwa sauti ileile, mate yalirudi, ingawa machache kuliko mwanzo. Hili ndilo ningependa kila mzazi alijue. Kufifia si kufutika. Lile somo la zamani linabaki, na juu yake linawekwa somo jipya linalosema "sauti hii sasa haina kitu." Kwa hiyo mtoto aliyetulia muhula mzima akirudi kutoka likizo ana wasiwasi upya, usiseme juhudi zote zimepotea. Ni jambo la kutarajiwa, na akiendelea hofu hushuka haraka kuliko mara ya kwanza.

Mtu aliyeonyesha vizuri namna ya kumtoa mtoto kwenye hofu ni mwanasaikolojia wa Marekani, Mary Cover Jones, mwaka 1924. Alifanya kazi na mtoto mdogo aliyeitwa Peter katika maandishi yake, ambaye alimwogopa sungura, na pia pamba na koti la manyoya. Peter alikalishwa kwenye kiti akila chakula anachokipenda, na sungura akiwa ndani ya tundu akasogezwa karibu kadiri ilivyowezekana bila kumfanya mtoto aache kula. Siku baada ya siku umbali ulipungua, mpaka Peter akamshika sungura na kumwacha amng'ate-ng'ate vidole. Katikati ya safari mambo yaliharibika: Peter aliugua akalazwa, na alipokuwa akitoka hospitalini mbwa mkubwa akawarukia yeye na muuguzi wake. Hofu ikarudi, kazi ikaanza tena.

Jones alitoa onyo ambalo naona halitajwi inavyostahili. Asiye makini anaweza kupata kinyume chake: badala ya sungura kupendwa kwa ajili ya chakula, chakula kikaanza kuogopwa kwa ajili ya sungura. Mzazi anayemkalisha mtoto anayelia mbele ya maswali 30 huku akimwahidi zawadi anacheza mchezo huo wa hatari. Kilichomsaidia Peter ni umbali. Sungura hakusogezwa mpaka pale mtoto alipoweza kuvumilia na kuendelea kula.

Kwa mwanafunzi wetu, umbali maana yake ni kuanza na swali ambalo analiweza kabisa, bila alama, bila saa, na mtu asiyemcheka akiwa pembeni. Akae nalo mpaka moyo utulie, kisha ndipo afunge daftari. Akifunga wakati hofu iko kileleni, amekwepa tu kwa heshima. Baadaye maswali yanapanda ugumu, kisha inaongezwa saa, kisha ukimya, kisha karatasi isiyo na jina la mada.

Hatua ya mwisho, kuupeleka utulivu huo kwenye ukumbi wa mtihani, ndiyo inayorukwa zaidi. Utulivu uliojifunzwa mahali fulani hushikamana na mahali hapo, kuliko hofu inavyofanya. Mtoto aliyezoea kufanya maswali kitandani, muziki ukilia, anaweza kuingia ukumbini na kukuta utulivu wote umebaki nyumbani. Ndiyo maana napendelea mitihani ya majaribio mifupi katika ukumbi uleule, kwenye madawati yaleyale, huku msimamizi akitembea, ila alama zisiandikwe popote. Ifanyike mara nyingi, na kwa siku zilizoachana, maana mara moja haitoshi.

Kwa upande mwingine, nakataa kuita kila kufeli hofu. Mpe mtoto swali lilelile la mtihani nyumbani, bila haraka, na umwombe alieleze kwa mdomo. Akilifanya vizuri hapo lakini ukumbini akaganda, basi hofu ndiyo inayomla: akili inayojishughulisha na "nitafeli" haina nafasi ya kushika namba mbili kwa wakati mmoja. Akishindwa kotekote, pengo ni la maarifa. Huyu hakupata msingi wa sehemu, na anahitaji kufundishwa tangu mwanzo. Ukimpa mazoezi ya kupumua peke yake utamtuliza kwa dakika chache tu, halafu ataingia kwenye jaribio asiloliweza, atafeli mbele ya wenzake, na hofu itafungwa upya kwenye hesabu ileile.