Bei ndefu ionekane ndefu: tarakimu za kutumia kwenye orodha ya bei

Andika 1,450 kwa fonti ya Georgia, kisha uiandike tena chini yake kwa Arial. Kwenye Arial tarakimu zote nne zina kimo kimoja, karibu sawa na herufi kubwa, na zote zimekanyaga mstari uleule. Kwenye Georgia, 1 na 0 ni fupi kama herufi ndogo, ilhali 4 na 5 zimeshusha miguu chini ya mstari. Georgia haina kasoro yoyote hapo. Tarakimu zake ni za mtindo wa zamani: 0, 1 na 2 ni fupi, 6 na 8 hupanda juu, na 3, 4, 5, 7 na 9 huteremka. Zimeumbwa hivyo ili zikae ndani ya sentensi pamoja na herufi ndogo, ambazo nazo hupanda na kushuka.

Kwenye orodha ya bei, msimamo wangu ni huu: tumia tarakimu za kimo kimoja, zenye upana sawa, bila kubadilisha katikati. Tarakimu za zamani ziache kwenye aya za maelezo. Wapo wanaozitetea hata kwenye majedwali, na hoja yao si dhaifu, kwa kuwa 3, 6, 8 na 9 zikitofautiana kimo ni vigumu kuzichanganya. Katika jedwali la kitabu, lenye nafasi ya kutosha kati ya mistari, nakubali. Lakini orodha ya bei hubanwa ili itoshe ukurasa mmoja, na hapo mguu wa 9 ya juu hukaribia kichwa cha 6 ya chini. Tena kichwa cha habari kama BEI ZA 2025 kikipewa tarakimu za zamani, 2 na 0 hunywea mbele ya herufi kubwa.

Hata hivyo kimo ni nusu tu ya jambo, tena nusu nyepesi, maana kila mtu anaiona. Nusu ya pili ni upana, na ndiyo inayovuruga orodha nyingi bila mwandaaji kujua kilichoharibika. Fonti inaweza kuwa na tarakimu za kimo kimoja na bado ikazipa upana tofauti, 1 ikiwa nyembamba na 0 ikiwa pana. Inter, inayotumika sana kwenye tovuti, huja hivyo isipoguswa.

Tuchukue mfano wa duka la vifaa vya ujenzi. Orodha imepigwa kwa ukubwa wa pointi 11. Tuseme katika fonti hiyo 1 ina upana wa pointi 4.2 na tarakimu nyingine zote zina pointi 6. Bidhaa moja ni 9,800 na inayofuata ni 11,100. Bei ya kwanza ina tarakimu nne za pointi 6, jumla 24. Ya pili ina 1 tatu, yaani pointi 12.6, na 0 mbili, yaani 12, jumla 24.6. Koma ipo moja kila upande, kwa hiyo haibadilishi kitu. Tofauti ya urefu kati ya bei ya elfu tisa na bei ya elfu kumi na moja imebaki pointi 0.6, yaani takriban milimita 0.2. Jicho linaziona zina urefu mmoja. Kwa tarakimu za upana sawa, tofauti ingekuwa tarakimu nzima, kama milimita mbili, na mnunuzi angejua ipi ni kubwa kabla hata hajaisoma. Hiyo ndiyo sababu ya kudai upana sawa: makumi yakae chini ya makumi, maelfu chini ya maelfu, na bei ndefu ionekane ndefu.

Kuipima fonti ni kazi ya dakika moja. Andika 1 mara kumi, na chini yake 0 mara kumi. Mistari ikilingana urefu, upana ni sawa. Ukiona ule wa 1 umeishia njiani, usiitumie fonti hiyo kwenye bei kabla ya kurekebisha mpangilio wake.

Kwenye Word, chagua safu wima ya bei, bonyeza `Ctrl+D`, nenda `Advanced`. Pale kwenye `Number spacing` weka `Tabular`, na kwenye `Number forms` weka `Lining`. Calibri, Cambria, Corbel, Candara na Constantia zote hubadilika kwa njia hii. Tatu za mwisho ndizo zinazohitaji zaidi, kwa sababu zenyewe huanza na tarakimu za zamani. Kwenye LibreOffice unaweza kuongeza alama baada ya jina la fonti:

```
Corbel:lnum&tnum
```

Kwenye ukurasa wa tovuti, ipe safu wima ya bei maagizo haya:

```css
td.bei {
  text-align: right;
  font-variant-numeric: lining-nums tabular-nums;
}
```

Excel haina mpangilio huo kabisa. Huko dawa ni kuchagua fonti ambayo tayari iko sawa, kama Calibri au Arial.

Jambo linalosumbua ni kwamba fonti isiyo na tarakimu hizo haitoi onyo lolote. Unaweka `Tabular`, unabonyeza sawa, na hakuna kinachobadilika. Vivyo hivyo kwenye tovuti: faili la fonti likiwa limepunguzwa ili lifunguke haraka, huenda tarakimu za ziada zilitupwa wakati wa kupunguza, na maagizo yako hayana pa kushika. Ndiyo maana kile kipimo cha 1 kumi na 0 kumi kirudiwe baada ya kubadilisha, si kabla tu.

Tarakimu zikishakuwa sawa, kinachobaki ni kutoziharibu kwa mpangilio. Bei zipangwe kulia. Ukizisogeza kwa kubonyeza nafasi nyingi, hazitalingana, kwa sababu nafasi haina upana wa tarakimu katika fonti nyingi. Alama ya `/=` inahitaji uangalifu wa pekee: bei moja ikiandikwa 9,800/= na ya chini yake 11,100 tu, tarakimu zote za juu zimesukumwa kushoto. Mimi ningeiondoa kwenye kila mstari na kuandika "Bei (TSh)" mara moja juu ya safu. Senti nazo ziwe kwa bei zote au zisiwepo kabisa. Zikilazimika kuchanganyika, tumia kituo cha desimali ili bei zilingane kwenye nukta badala ya ukingo wa kulia.

Mstari wa jumla nao una mtego wake. Kwa kawaida huandikwa kwa herufi nzito, na katika baadhi ya fonti tarakimu nzito ni pana kuliko za kawaida, hata zinapokuwa na upana sawa zenyewe kwa zenyewe. Jumla huanza kuteleza kushoto, kidogo kwa kila tarakimu, na kwenye 1,248,500 mteremko unaonekana wazi. Arial na Times New Roman hazina tatizo hilo, kwani tarakimu zao nzito na za kawaida zina upana mmoja. Kwa fonti nyingine, andika 0 kumi za kawaida juu ya 0 kumi nzito. Zikipishana, iache jumla katika herufi za kawaida na uitenge kwa mstari mwembamba juu yake.