Waliobaki Baada ya Wenzao Kupunguzwa

“Mshahara anapata, kiti anacho, aliyebaki kazini analalamika nini?”

Wanaouliza hivyo wana hoja. Aliyepunguzwa ndiye anayekosa kodi ya nyumba na ada ya watoto, na fedha zikiwa chache ni haki zianzie kwake. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 40, inampa notisi ya angalau mwezi mmoja na malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotumikia. Aliyebaki hana anachodai humo.

Lakini yanayompata si kudeka. Ameketi na mwenzake meza moja miaka mingi, kisha jina la mwenzake likawa kwenye orodha na lake halimo, wala hajaambiwa kwa nini. Anajiona amenusurika kwa mgongo wa mwenzake, na papo hapo anahofia awamu ijayo. Meneja hayaoni haya kwa sababu dalili ya kwanza hufanana na bidii. Mwaka 1985, mtafiti Joel Brockner na wenzake walichunguza wanafunzi waliopewa kazi ya kusahihisha maandishi. Walioshuhudia mwenzao akiondolewa walifanya kazi nyingi zaidi, ila ubora haukupanda. Sasa fikiria ripoti ya mwezi inayohesabu wingi peke yake: kila kitu kitaonekana shwari.

Chukua idara ya uhasibu yenye watu 12, wanne wakaondoka. Kazi ikibaki ileile, kila mmoja anabeba mzigo wake na nusu. Watu wanachelewa kutoka, hawaombi likizo, na hakuna anayethubutu kusema kazi imemshinda, maana anaona kusema hivyo ni kujiandikisha kwenye orodha ijayo. Baada ya muda, taarifa za benki zinalinganishwa na vitabu kwa kuchelewa, na aliyeandaa malipo ndiye anayeyaidhinisha, kwa kuwa mtu wa pili hayupo tena. Ankara moja inalipwa mara mbili. Hapo mtu anaadhibiwa kwa uzembe, ilhali kilichovunjika ni mpangilio wa kazi.

Kwa hiyo nawatetea waliobaki, na wanachohitaji hakina gharama kubwa. Kila mmoja aitwe peke yake wiki ileile na aelezwe vigezo vilivyotumika kuchagua, bila kuanika siri za walioondoka. Kisha kazi za wale wanne ziandikwe moja moja, na kando ya kila moja ionyeshwe nani anaichukua na ipi inaachwa kabisa. Orodha isiyo na hata kazi moja iliyoachwa irudishwe kwa meneja.

Mwajiri ana haki ya kukataa kuahidi kwamba hakuna atakayepunguzwa tena. Ahadi hiyo ikivunjwa, hataaminiwa tena. Anachoweza kutaja ni tarehe ya mapitio yajayo ya bajeti, na takwimu ambazo zikishuka ndipo suala la kupunguza watu litafunguliwa upya.