Ada ya asilimia 2 iandikwe kwa shilingi

Ukifungua taarifa ya mwezi ya mfuko wa soko la fedha hapa Nairobi, ule unaokusanya pesa za wengi na kuzikopesha serikali, benki na kampuni, utaona ulichoweka, ulichotoa, faida uliyopata na kodi ya zuio ya asilimia 15 iliyokatwa kwenye faida hiyo. Ada ya meneja huioni. Hukuwekewa msamaha. Imeshakatwa kabla faida haijafika kwako, na kile kiwango cha faida unachokisoma gazetini au kwenye simu ni kile kilichobaki baada ya ada.

Hesabu yake hufanywa kila siku. Ada ya asilimia 2 kwa mwaka hugawanywa kwa siku 365, kisha sehemu hiyo hutolewa kwenye thamani ya mfuko wote. Mwenye shilingi 500,000 anakatwa kama shilingi 27 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Pesa za mandazi na chai kibandani. Nani atagombana na mtu kwa shilingi 27?

Tatizo liko kwenye neno asilimia. Ni asilimia 2 ya nini? Wengi niliowauliza hudhani ni ya faida, kwamba ukipata 100 meneja anachukua 2. Sivyo. Ni ya pesa yote: mtaji wako, faida yako ya miaka iliyopita, kila kitu kilichomo. Mfuko ukichuma asilimia 10 kwa mwaka, ile 2 ni moja ya tano ya chumo lote. Kisha angalia kinachobaki. Kutoka 10 ondoa 2, unabaki na 8. Kodi ya zuio inachukua 1.2, unabaki na 6.8. Mfumuko wa bei ukiwa asilimia 4.5, faida yako halisi, ile inayoongeza unachoweza kununua sokoni, ni kama asilimia 2.3. Meneja amepata 2. Pesa ni yako, hatari ni yako, na mnakaribia kugawana nusu kwa nusu.

Na ada haishuki riba zinaposhuka. Mapema mwaka 2024 dhamana za serikali za siku 91 zilikuwa zikilipa karibu asilimia 16, na kufikia 2025 zilikuwa zimeporomoka hadi karibu 8. Ada ya asilimia 2 ilikuwa moja ya nane ya riba ile ya kwanza. Kwa riba ya pili ni robo. Hakuna aliyepandisha bei, hakuna barua iliyoandikwa, lakini fungu la meneja katika jasho la pesa yako limekuwa maradufu.

Sasa tuivute miaka 30. Weka shilingi 500,000 mara moja, usiongeze wala usitoe, na mfuko uchume asilimia 10 kila mwaka kabla ya gharama. Kodi naiacha nje ili ada ionekane peke yake. Bila gharama yoyote, ungekuta kama milioni 8.72. Kwa gharama ya nusu asilimia, milioni 7.61. Kwa gharama ya asilimia 2, milioni 5.03. Kati ya mfuko wa nusu asilimia na wa asilimia 2 kuna tofauti ya milioni 2.58, ambayo ni zaidi ya mara tano ya pesa uliyoanza nayo.

Tofauti hiyo haiji polepole kwa kipimo kimoja, na ndiyo maana haishtui mtu mapema. Baada ya miaka 10 ni kama shilingi 160,000. Baada ya 20 imefika 740,000. Milioni moja na laki nane na ushei zinapotelea katika miaka kumi ya mwisho, wakati ambapo mtu ameshaanza kuhesabu siku za kustaafu.

Katika chama chetu, mweka hazina, mama mmoja aliyefundisha hesabu miaka mingi, alikataa kuniamini nilipomwambia kwamba kwa miaka 30 ada ya asilimia 2 ingempunguzia zaidi ya milioni tatu na nusu. Akasema, "Mwanangu, huyo meneja hawezi kuchukua milioni tatu na nusu kwenye nusu milioni yangu. Hiyo ni wizi, ungeshaiona kwenye habari." Yuko sahihi nusu. Nilimwandikia mwaka kwa mwaka. Mwaka wa kwanza ada ni 10,000. Mwaka wa kumi ni karibu 20,000. Mwaka wa thelathini ni kama 93,000, kwa kazi ileile, kwa sababu mfuko wake umekua. Ukijumlisha miaka yote, meneja amepokea kama milioni 1.13. Lakini pengo kati ya 8.72 na 5.03 ni karibu milioni 3.69. Zile milioni 2.56 nyingine hakuna aliyelipwa kama ada. Ni faida ambayo zile 10,000 za mwaka wa kwanza, na kila ada iliyofuata, zingezaa kama zingeachwa ndani ya mfuko. Alikaa kimya, akaomba kalamu, akarudia hesabu mwenyewe kwa mkono. (Hajaniambia kama alinisamehe kwa kumharibia mchana.)

Kuna mtego mwingine. Ile ada ya usimamizi iliyoandikwa kwenye tangazo si gharama yote. Mdhamini wa mfuko analipwa, mtunza mali analipwa, mkaguzi wa hesabu analipwa, na vyote vinatoka kwenye mfuko huohuo. Ukitaka uwiano kamili wa gharama, tafuta hesabu zilizokaguliwa za mwaka, chukua jumla ya matumizi ukiacha kodi, ugawanye kwa wastani wa thamani ya mfuko mwanzoni na mwishoni mwa mwaka. Matumizi ya milioni 46 kwenye mfuko wa bilioni 2 ni asilimia 2.3, hata kama tangazo linasema 2. Mifuko ya hisa wakati mwingine hukata pia ada ya kuingia, kabla pesa haijafanya kazi hata siku moja.

Sisemi mameneja hawafanyi kazi. Kuweka shilingi elfu moja na kuzitoa kesho kutwa kwa M-Pesa ni huduma, na ina bei. Kwa pesa ya dharura, ya karo ya muhula ujao, ada ya asilimia 2 haina uzito mkubwa, maana haipati muda wa kuzaa hasara. Pia mfuko ghali unaweza kuushinda wa bei rahisi mwaka fulani. Ila chunguza ulikotoka ushindi huo: mara nyingi ni kwa kukopesha kampuni au benki zenye hatari zaidi. Faida hiyo ni ya kubahatisha. Ada ni ya uhakika.

Pesa ya miaka 20 au 30 ndiyo inayonikera ikikaa humo kwa mazoea tu. Mwenye 50,000 anaweza kununua hatifungani ya serikali mwenyewe kupitia DhowCSD, mfumo wa mtandaoni wa Benki Kuu, bila meneja wa kumkata kila siku, mradi akubali kwamba akiuza kabla ya muda anaweza kupata pungufu.

Ombi langu kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ni dogo. Kwenye kila taarifa ya mwezi, chini ya mstari wa kodi ya zuio, uongezwe mstari mmoja: gharama zote ulizolipa mwezi huu, kwa shilingi. Mfumo unaokokotoa ada kila siku tayari unaijua namba hiyo. Kwa mwenye nusu milioni itasomeka kama 830. Mwakani itakuwa zaidi kidogo, na ataiona ikipanda.