Bosi akikuandikia "might", inuka

Mwaka wangu wa kwanza Leeds, Uingereza, nilitia kazi hatarini kwa sababu ya neno moja. Jumatano jioni msimamizi wangu aliniandikia barua pepe: "You might want to check the figures on page 3 before Friday." Nikaisoma kwa masikio ya Mombasa: huenda ukapenda kuzitazama hesabu za ukurasa wa 3. Nikajiuliza kama napenda. Sikupenda, maana nilishazijumlisha mara mbili. Nikafunga kompyuta nikaenda zangu. Ijumaa ripoti ikamfikia mteja na jumla isiyolingana, na Jumatatu msimamizi yule akanikumbusha, kwa upole kabisa, kwamba aliniagiza. Kaniagiza saa ngapi? Nikaurudia ujumbe ule hata macho yakaniuma.

Agizo lilikuwamo, ila mimi nilikitazama kitenzi nikaisahau siku. Anayekupa shauri tu hana haja ya kukuwekea "before Friday". Tena aliyeandika ni bosi, na hesabu zikiharibika lawama zamrudia yeye. Ukiona cheo, tarehe na maslahi ya mwombaji vimekaa pamoja, "might" hiyo ni amri iliyovishwa kanzu. Siku hizi najiuliza swali moja tu: naweza kujibu "hapana" bila kutoa sababu? Kama siwezi, basi nimeagizwa.

Shuleni tulikaririshwa kwamba "could" ni wakati uliopita wa "can", tukafaulu mtihani. Hatukuambiwa kwamba ndani ya ombi huo wakati uliopita hauna habari na jana. Kazi yake ni kumrudisha mwombaji nyuma kidogo, asije akamkaba mwenziwe. "Send me the file" ni amri. "Can you send me the file?" kwa maneno yake yauliza uwezo, lakini hakuna anayejibu "naam, naweza" kisha akakaa, ndilo ombi la kila siku kwa mwenzako wa meza ya pili. "Could you" yarudi nyuma hatua moja zaidi. Halafu kuna "I was wondering if you could possibly send me the file". Hapo anayeomba amejifanya alikuwa akiwaza tu, tena zamani, "if" imeuacha mlango wazi, na "possibly" imekubali mapema kwamba huenda isiwezekane.

Nilipoijua hii ya mwisho nikaipaka kila mahali kama samli. Kosa jingine. Mwenzangu mmoja, kuombwa faili la nusu dakika kwa adabu zote zile, alinijia mezani kuniuliza amenikosea nini. Upole ukizidi uzito wa jambo, husikika kama kejeli au kinyongo. Na jambo likishachelewa, maneno yale yale yanauma: "I was hoping you might have finished by now" si matumaini hata kidogo, ni kuteta.

Usiniulize habari za "Would you mind closing the window?" Nilijibu "yes" kwa moyo mkunjufu nikainuka kulifunga dirisha, watu wakacheka. Swali ni je, utaudhika ukilifunga. Kukubali ni kusema "no".

Sisi pia tuna -nge- yetu, na "ungenisaidia" hulegeza vile vile. Lakini kwetu heshima twaitanguliza kabla ya ombi. Asubuhi mtaani Kibokoni, Mombasa, wapita kwa mama wa mahamri, wamwamkia, wauliza wa nyumbani, waulizwa wako, ndipo waseme "Nipe manne na mbaazi." Kitenzi kiko uchi na hapana aliyeudhika, maana heshima ulishailipa mlangoni. Mwingereza huzipitia salamu mbio, kisha deni lote hulilipia ndani ya kitenzi.

Mimi bado naona Kiswahili chetu chamhurumia msikilizaji zaidi: ombi likija, wajua ni ombi. Ila nikiri na hili. Mjomba akishanijulia hali na kuniombea dua, kisha akasema "nitumie kitu kidogo", sijawahi kupata pa kutokea. Yule wa "I was wondering" angalau huniachia mlango.

Likizo iliyopita nilifika kwa mama yule wa mahamri nikiwa na usingizi wa ndege, Kiingereza hakijanitoka kichwani. Nikamwambia, "Samahani mamangu, nilikuwa nawaza kama pengine ungeweza kunipatia mahamri manne."

Akauweka mwiko chini, akanitazama usoni. "Mwanangu, huna pesa? Chukua, utalipa kesho."